Kisukari cha sistiki fibrosisi: kwa nini mwanao anapimwa kila mwaka hata kama halalamiki

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai, unamdunga mwanao kidole na kimashine kinasoma 5.2. Unashusha pumzi, maana hiyo ni sukari ya mtu mzima wa afya. Sasa mpime tena siku hiyohiyo, saa nzima baada ya chapati mbili na chai ya maziwa iliyotiwa sukari. Kimashine kinasoma 12.6. Mtoto ni yuleyule na hata jua halijapanda sawasawa.

Ukiyaelewa masomo hayo mawili, umekielewa kisukari kinachozaliwa na sistiki fibrosisi, ule ugonjwa ambao kwenye faili la hospitali huandikwa kwa herufi CF. Kisukari hiki hujificha asubuhi na kujitokeza baada ya chakula, na hukaa hivyo kwa miaka kabla mgonjwa hajahisi chochote. Mwongozo huu ni kwa mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo, au kijana aliyeanza kujisimamia mwenyewe. Unaeleza kinachoendelea ndani, kipimo cha kila mwaka kinavyofanywa, na jinsi ya kuyasoma majibu yake.

Huenda umewahi kuambiwa kwamba CF ni ugonjwa wa Wazungu. Kweli huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini familia za Oman zinaujua, na watu Weusi wa Kusini mwa Afrika nao wamekutwa na jeni zake. Anayeugua Maskati na anayeugua Manchesta wana kongosho inayoharibika kwa njia moja.

Kongosho inavyoharibika kidogokidogo

Kongosho ina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza maji yenye vimeng'enya vya kusagia chakula, ambayo hupita kwenye mirija midogo hadi kwenye utumbo. Ya pili ni kutengeneza insulini, inayoingia moja kwa moja kwenye damu. Insulini hutoka kwenye seli za beta, ambazo hukaa katika vishada vidogo vilivyotawanyika ndani ya kongosho kama visiwa baharini.

Kwa mwenye CF, jeni yenye kasoro huzuia chumvi na maji kupita sawasawa kwenye kuta za mirija. Maji ya kongosho huwa mazito, yakaganda na kuziba njia. Vimeng'enya vinavyokwama humo huanza kuila nyama ya kongosho yenyewe. Palipoliwa huota kovu, na baadaye mafuta huchukua nafasi ya nyama. Ndiyo maana wengi wa watoto hawa humeza vidonge vya vimeng'enya kila wanapokula, tena tangu utotoni.

Vishada vya insulini havilengwi moja kwa moja na uharibifu huo. Ni kama nyumba zilizobaki katikati ya mtaa unaobomolewa: njia za damu zinabanwa na makovu, uvimbe wa pembeni unazisumbua, na nyumba moja baada ya nyingine inaanguka. Kazi hiyo huchukua miaka mingi. Katika takwimu za kituo cha CF cha Chuo Kikuu cha Minesota, Marekani, zilizochapishwa mwaka 2009, kisukari hiki kilikutwa kwa takriban 2% ya watoto, 19% ya vijana wa umri wa balehe, na kati ya 40% na 50% ya watu wazima.

Insulini inapoanza kupungua, kinachopotea kwanza ni haraka yake. Kongosho nzima hutoa dozi kubwa ya insulini dakika chache tu baada ya mtu kuanza kula, kabla sukari haijapanda mbali. Kongosho yenye makovu huchelewa. Inatoa, lakini kidogo na baadaye, na wakati huo sukari imeshapanda. Usiku mtu anapolala bila kula, mwili unahitaji insulini ndogo tu ya kutuliza ini lisimwage sukari kwenye damu, na hiyo ndogo bado ipo. Ndiyo maana sukari ya asubuhi inabaki nzuri kwa muda mrefu, huku ya baada ya kula ikiwa imeshaharibika.

Kwa kuwa insulini haiishi kabisa, mwenye kisukari hiki ni nadra kuzidiwa ghafla na kupelekwa hospitali akihema kwa asidi kwenye damu, kama inavyotokea kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Wala hafanani na mtu mzima mwenye kitambi na kisukari cha aina ya pili. Kiu na kukojoa mara kwa mara, dalili ambazo kila mtu anazijua, huja zimechelewa au hazionekani kabisa.

Mwili unachopoteza kabla ya dalili

Watu wengi wanaijua insulini kama dawa ya kushusha sukari. Kazi yake nyingine ni kujenga: huingiza chakula kwenye misuli, hulinda protini isivunjwe, na huweka akiba ya mafuta. Mtoto mwenye CF tayari anatumia nguvu nyingi kuhema na kupambana na vijidudu vya mapafu. Insulini ikipungua anakula vizuri lakini uzito haupandi, au anabalehe kwa kuchelewa. Misuli ya kifua hudhoofika pamoja na mingine, na anayekohoa kwa nguvu ndogo hatoi makohozi yote.

Sukari nayo ina madhara yake hukohuko kifuani. Ikipita takriban 8 mmol/L kwenye damu, huanza kuvuja na kuonekana kwenye ute wa njia za hewa, na bakteria wanaoishi humo wanapata chakula. Ndiyo maana madaktari wakirudi kwenye mafaili ya waliogundulika na kisukari hiki, mara nyingi hukuta uzito na nguvu ya mapafu vilianza kushuka miaka miwili hadi minne kabla ya jina la kisukari kuandikwa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa mawingu yenyewe hufanana na CF ya kawaida, kwa hiyo ni rahisi kuilaumu CF na kuiacha sukari ipite.

Kipimo cha kila mwaka kipo kwa ajili ya kuziba pengo hilo la miaka. Mwongozo uliotolewa mwaka 2010 na Chama cha Kisukari cha Marekani pamoja na Wakfu wa Sistiki Fibrosisi unashauri kila mwenye CF ambaye hana kisukari apimwe mara moja kwa mwaka, kuanzia asizidi umri wa miaka 10. Vituo vingine huanza mapema zaidi.

Asubuhi ya kipimo

Kipimo chenyewe ni cha kunywa glukosi. Unampa mwili mzigo wa sukari unaojulikana uzito wake, halafu unaangalia kongosho inavyoubeba.

Chagua siku ambayo mwanao ni mzima kwa kadiri ya hali yake. Kama ametoka kwenye maambukizi ya kifua, au anatumia vidonge vya steroidi, mwambie daktari kabla ya kuweka miadi, kwa sababu vyote viwili hupandisha sukari kwa muda na majibu yatakuwa ya ugonjwa ule, si ya kongosho. Siku za kabla ya kipimo ale kama kawaida yake, wali, ugali, viazi, mkate. Usimpunguzie wanga ukidhani unamsaidia kufaulu.

Usiku akae saa 8 bila kula. Maji matupu anaruhusiwa. Kama analishwa kwa mpira usiku, uliza mapema mpira usimamishwe saa ngapi.

Hospitalini atatolewa damu ya kwanza, ile ya kabla ya kula. Kisha atakunywa maji yenye glukosi, gramu 1.75 kwa kila kilo ya uzito wake, lakini isizidi gramu 75. Mtoto wa kilo 32 atakunywa gramu 56. Ayanywe ndani ya dakika tano. Ni matamu mpaka yanakereketa, na yakiwa baridi hupita vizuri zaidi. Hana haja ya kumeza vimeng'enya kwa kinywaji hiki, kwa kuwa glukosi haihitaji kusagwa. Akitapika, kipimo kimeharibika na kitarudiwa siku nyingine.

Baada ya hapo anakaa. Asitoke kucheza mpira uani, maana misuli inayofanya kazi inakula sukari na kudanganya majibu. Damu nyingine hutolewa baada ya saa 2. Vituo vingi hutoa pia baada ya saa 1, na inafaa uulize kama chako kinafanya hivyo. Utaona kwenye mfano wa mbele kwa nini.

Kuna mambo mawili ambayo mzazi anaweza kuyaangalia akiwa amekaa palepale. La kwanza, damu ya kipimo hiki iende maabara. Kimashine cha nyumbani kinaruhusiwa kukosea hadi 15% juu au chini, kwa hiyo sukari ya kweli ya 11.1 inaweza kusomeka 9.5 au 12.7. Kinafaa kufuatilia mgonjwa, lakini hakifai kuamua kama ni mgonjwa. La pili, chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa. Damu ikiachwa mezani saa moja au mbili bila dawa ya kuzuia jambo hilo, sukari inashuka na majibu yanatoka mazuri kwa uongo. Kwa kawaida chupa yenye dawa hiyo ina kizibo cha kijivu. Hata hivyo inapaswa kufika maabara mapema.

Beba chakula na vimeng'enya vyake kwenye mkoba. Kongosho inayochelewa huweza kutoa insulini yake wakati sukari imeshaanza kushuka, na mtoto akatetemeka, akatokwa jasho na kuona njaa kali baada ya kipimo kwisha. Akila, hali hiyo hupita.

Kuyasoma majibu: miaka minne ya binti mmoja

Tumchukue binti wa kubuni, anayepimwa kila mwaka katika mwezi wa kuzaliwa kwake. Namba zote ni za mmol/L. Kama maabara yako hutumia mg/dL, zidisha kwa 18.

Akiwa na miaka 12 ana kilo 32. Kabla ya kunywa sukari ni 4.8, baada ya saa 1 ni 9.6, baada ya saa 2 ni 6.4. Mpaka wa ukawaida baada ya saa 2 ni kuwa chini ya 7.8, kwa hiyo yuko sawa.

Akiwa na miaka 13 ana kilo 35. Anasoma 5.0, kisha 12.3, kisha 7.2. Kwa namba ya saa 2 peke yake angeambiwa yuko sawa kama mwaka jana. Ile ya saa 1 imevuka 11.1, na hiyo ndiyo alama ya kongosho iliyoanza kuchelewa. Madaktari huliita kundi hili lisiloamulika: kisukari hakijafika, lakini mtu wa kundi hili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukipata. Mama yake anaambiwa aangalie uzito kwa jicho kali.

Akiwa na miaka 14 ana kilo 36. Ameongeza kilo moja tu katika mwaka ambao wenzake darasani wamerefuka na kunenepa. Kipimo cha kupuliza, kinachoonyesha nguvu ya mapafu, kimetoka 88% hadi 81%. Sukari ni 5.2, kisha 14.0, kisha 9.4. Baada ya saa 2, kuanzia 7.8 hadi 11.0 ni eneo la katikati, ambapo mwili unashindwa kubeba mzigo wa sukari lakini haujaitwa wa kisukari. Daktari anaamua apimwe tena mapema badala ya kungoja mwaka mzima, na apimwe nyumbani baada ya milo.

Akiwa na miaka 15 bado ana kilo 36. Anasoma 5.6, kisha 15.8, kisha 12.1. Baada ya saa 2, kufika 11.1 au zaidi ni kisukari. Kwa kuwa hana kiu wala dalili nyingine ya wazi, kipimo kinarudiwa siku nyingine ili kuthibitisha. Kinatoka 11.9. Sasa jina linaandikwa kwenye faili, CFRD, yaani kisukari cha CF.

Rudi uziangalie namba za kabla ya kula katika miaka hiyo minne: 4.8, 5.0, 5.2, 5.6. Kisukari kwa sukari ya kabla ya kula huanza 7.0, na hakuna hata moja iliyoikaribia. Mzazi anayepima asubuhi tu angefika mwaka wa nne akiwa na daftari lililojaa namba nzuri na mtoto asiyenenepa.

Usitegemee lakini kwamba mwanao atapanda ngazi hizi moja baada ya nyingine kama binti huyu. Wengine huruka ngazi, na wengine husoma eneo la katikati mwaka huu na kurudi kwenye ukawaida mwaka ujao, kwa sababu kifua kimetulia au uzito umepanda. Jibu moja zuri baada ya jibu baya halifuti lile la kwanza. Weka majibu yote kwenye daftari moja, pamoja na uzito na namba ya kupuliza ya siku ile, uyasome kwa mfuatano.

Kwa nini kile kipimo chepesi hakitoshi

Utauliza, kwa nini mtoto ateswe na njaa na sindano mbili tatu, wakati kuna kipimo cha HbA1c kinachotumia damu ya mara moja tu bila kufunga? Kipimo hicho huhesabu sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu za damu kwa muda wa miezi miwili au mitatu, na kwa kisukari cha aina ya pili kinafaa sana.

Kwa CF kinapitwa na mengi. Kinatoa wastani, na wastani wa sukari inayopanda saa mbili baada ya mlo kisha ikashuka usiku kucha unaweza kuonekana mzuri. Pia inadhaniwa kwamba kwa baadhi ya wagonjwa hawa chembe nyekundu huishi muda mfupi zaidi, hivyo hazipati nafasi ya kubandikwa sukari ya kutosha. Binti wetu mwaka wa nne angeweza kusoma 5.8%, chini ya 6.5% inayoitwa kisukari. Shika kanuni hii: HbA1c ikiwa 6.5% au zaidi, iamini. Ikiwa chini ya hapo, haijakuambia kwamba kisukari hakipo.

Nyakati ambazo mwaka ni mrefu mno

Kipimo cha mwaka ni kwa mtu aliyetulia. Mwenye CF akilazwa kwa kifua na kutundikiwa antibayotiki, au akianzishiwa steroidi, sukari yake ipimwe kabla ya kula na saa 2 baada ya kula kwa saa 48 za mwanzo. Ukiona nesi hajapima, muulize kwa adabu. Anayelishwa kwa mpira usiku apimwe katikati ya kulishwa na mara tu baada ya kumaliza, kwa sababu kipimo cha asubuhi hakitaona kilichotokea saa nane za usiku. Mwanamke mwenye CF anayetaka kuzaa apimwe kabla ya kushika mimba, na akishashika arudie kati ya wiki 12 na 16, kisha kati ya wiki 24 na 28.

Usingoje mwezi wa miadi pia kama uzito umesimama bila sababu, kama ukuaji au balehe imekwama, au kama mapafu yanashuka na antibayotiki hazileti nafuu iliyozoeleka.

Jibu likiwa kisukari

Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema. Shangazi anakuja na ushauri wa kisukari anachokijua yeye: punguza wali, acha mafuta, kula kidogo. Kwa mwenye CF ushauri huo unamdhuru. Mwili wake unahitaji chakula kingi, chenye mafuta, protini, wanga na chumvi, na hilo halibadiliki kwa sababu ya kisukari. Kinachopunguzwa ni vinywaji vya sukari tupu, soda na juisi za pakiti, hasa vikinywewa peke yake.

Dawa ni insulini, kwa kuwa ndiyo iliyopungua. Vidonge vya kisukari cha aina ya pili sivyo vinavyoshauriwa. Mara nyingi daktari huanza na insulini ya haraka inayochomwa kabla ya mlo, kwa dozi ndogo inayolingana na wanga uliomo kwenye sahani, halafu huirekebisha kwa kuangalia sukari ya saa 2 baada ya kula. Dozi hiyo hupanda wakati wa maambukizi na kushuka yakipona, kwa hiyo utafundishwa kuibadilisha.

Binti wetu alianza insulini akiwa na kilo 36. Sukari iliyoshuka baada ya kula ni dalili nzuri, lakini mama yake alijifunza kuitazama mizani pia, kwa sababu insulini inayofanya kazi hujenga mwili. Miezi sita baadaye daftari lake lilisoma kilo 40, na kupuliza 85%. Safu ya sukari ya asubuhi ilisoma 5.3, namba ambayo miaka yote minne haikuwa imemwambia lolote.